Kijipicha kipi kimeshinda kweli? Njia tatu za kujaribu, zikilinganishwa

Video moja ya YouTube ina vijipicha viwili. Cha kwanza kimeonyeshwa mara 2,000 na kubofywa mara 100, yaani asilimia 5. Cha pili kimeonyeshwa mara 2,000 pia, kikabofywa mara 120, yaani asilimia 6. Wengi wakifika hapa hufuta cha kwanza na kuanza kutengeneza video zote zijazo kwa mtindo wa cha pili. Uamuzi huo hauna msingi bado.

Sababu ni hii. Kijipicha ambacho kiwango chake halisi ni asilimia 5, ukikionyesha mara 2,000, hakitakupa mibofyo 100 kamili kila safari. Safari hii kitakupa 93, ijayo 108, nyingine 88. Katika safari 19 kati ya 20 idadi itaangukia takribani kati ya 80 na 120. Ukiweka picha ileile upande wa A na upande wa B, pengo la mibofyo 20 au zaidi litajitokeza lenyewe karibu mara moja katika kila majaribio sita au saba. Kwa hiyo 100 dhidi ya 120 ni matokeo ambayo bahati peke yake huyatoa bila jasho.

Kuna kipimo cha haraka unachoweza kukifanya kwa kikokotoo cha simu, mradi vijipicha vyote viwili vimeonyeshwa mara zinazolingana. Chukua tofauti ya mibofyo, A ikiwa ile iliyo mingi zaidi, uilinganishe na mara mbili ya kipeuo cha pili cha jumla ya mibofyo yote:

```
A − B > 2 × √(A + B)
```

Hapa tofauti ni 20. Jumla ya mibofyo ni 220, kipeuo chake cha pili ni 14.8, mara mbili yake ni 29.7. Kwa kuwa 20 haifiki 29.7, bado hujui lolote. Ingekuwa 100 dhidi ya 132, tofauti ni 32 na kizingiti ni 30.5, hapo ungekuwa na jambo la kushika.

Kipimo hicho kinafaa tu pale ambapo jaribio lenyewe lilifanywa kwa haki, na haki hiyo inategemea njia uliyoitumia. Njia ziko tatu: kubadilisha kijipicha na kulinganisha kabla na baada, kupokezana vijipicha siku kwa siku, na kuwagawa watazamaji ili kila kundi lione chake kwa wakati mmoja. Zote zinafaa kwa vichwa vya video pia, ila usibadilishe kichwa na kijipicha kwa pamoja kisha ukataka kujua ni kipi kilicholeta mabadiliko.

Kubadilisha na kulinganisha kabla na baada

Hii ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Unaacha kijipicha A wiki moja, unaweka B wiki inayofuata, kisha unasoma viwango viwili. Shida ya kwanza ni kwamba mtu hubadilisha kijipicha pale video inapofanya vibaya mno. Kitu kilichoshuka chini kuliko kawaida yake, mara nyingi hurudi juu kidogo chenyewe, uguse au usiguse. Kijipicha kipya hupewa sifa ya mpando ambao ungetokea tu.

Shida ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kwamba watu wanaoonyeshwa video wiki hii si wale wa wiki iliyopita. Anayetafuta kwa maneno yake mwenyewe anajua anachotaka, kwa hiyo hubofya kwa wingi. Anayepitishiwa video kwenye ukurasa wa mwanzo hakuwa akiitafuta, hivyo hubofya kidogo. YouTube ikiipenda video yako na kuanza kuisambaza kwa watu wasiokujua, kiwango cha jumla cha kubofya hushuka, na hiyo ni habari njema inayoonekana kama mbaya.

Tazama hesabu hii kwa karibu. Wiki ya kijipicha A, video imeonyeshwa mara 6,000. Kati ya hizo, 4,000 ni kwenye utafutaji, na asilimia 8 walibofya: mibofyo 320. Zilizobaki 2,000 ni ukurasa wa mwanzo, asilimia 3: mibofyo 60. Jumla ni 380 kwa 6,000, yaani asilimia 6.3. Wiki ya kijipicha B, imeonyeshwa mara 12,000. Utafutaji ni 2,000 kwa asilimia 9: mibofyo 180. Ukurasa wa mwanzo ni 10,000 kwa asilimia 3.5: mibofyo 350. Jumla ni 530 kwa 12,000, yaani asilimia 4.4.

Ukisoma jumla, B ameanguka vibaya, kutoka 6.3 hadi 4.4. Ukisoma kila chanzo peke yake, B yuko mbele kote kuwili. Kilichobadilika ni mchanganyiko wa watazamaji. Na hata hapo usikimbilie kumvika B taji, kwa sababu tofauti ya 8 na 9, au 3 na 3.5, kwa idadi hizi bado imo ndani ya uwezo wa bahati. Jambo pekee lililothibitika ni kwamba namba hizi hazimpi A ushindi.

Kwa hiyo ukitumia njia hii, usisome kamwe kiwango cha jumla. Fungua YouTube Studio kwenye kompyuta, ingia `Analytics` ya video husika, kisha `Advanced mode`, chagua `Traffic source`, na uweke safu za `Impressions` na `Impressions click-through rate`. Linganisha `YouTube search` na `YouTube search`, `Browse features` na `Browse features`. Chagua video iliyotulia, yenye miezi kadhaa na mwendo unaofanana wiki hadi wiki. Video ya siku tatu haifai hata kidogo, maana katika siku za mwanzo huonyeshwa zaidi kwa wafuasi wako, kisha kwa wageni, na kiwango kitashuka hata kama kijipicha ni kizuri namna gani.

Njia hii inakamata mabadiliko makubwa tu. Kiwango kikiwa kimepanda mara mbili katika kila chanzo na kikakaa hapo wiki tatu, basi amini. Kikipanda kwa sehemu ya tano, hujapata jibu.

Kupokezana siku kwa siku

Njia ya pili inaondoa sehemu kubwa ya upotofu huo kwa kazi ya dakika mbili kila siku. Siku ya kwanza A, ya pili B, ya tatu A, hivyo hivyo hadi siku 14. Idadi ya 14 ina maana yake. Wiki ina siku saba, namba witiri, kwa hiyo ukianza Jumatatu na A, Jumatatu ya wiki ya pili itaangukia B bila wewe kupanga lolote. Kila siku ya wiki inapata A mara moja na B mara moja. Ukiacha siku 10 au 12, Jumamosi na Jumapili zinaweza kuangukia upande mmoja zaidi, na watazamaji wa mwisho wa wiki si wale wa Jumanne.

Kosa linaloharibu majaribio mengi ya aina hii ni saa ya kubadilisha. Takwimu za YouTube huhesabu siku kwa saa za Pasifiki ya Marekani, si saa za ulipo. Siku mpya ya takwimu huanza saa 08:00 UTC, au 07:00 UTC katika miezi ambayo Marekani husogeza saa mbele. Ukibadilisha kijipicha usiku wa manane wa kwako, kila "siku ya A" kwenye takwimu itakuwa na saa kadhaa za B ndani yake, na tofauti ya kweli itafifia. Badilisha kwenye mpaka huo, au karibu nao kadiri unavyoweza, na ufanye saa ileile kila siku. Kisha subiri siku tatu baada ya jaribio kwisha kabla ya kusoma namba, kwa kuwa takwimu za siku za karibuni hazijakamilika.

Sasa kusoma matokeo. Usijumlishe mibofyo yote ya A na yote ya B, maana siku moja iliyolipuka inaweza kubeba jumla nzima. Panga jozi za siku ya wiki, ukitumia chanzo kimoja cha watazamaji. Tuseme umepata hivi:

| Siku | A (%) | B (%) |
|---|---|---|
| Jumatatu | 4.8 | 5.3 |
| Jumanne | 5.1 | 5.3 |
| Jumatano | 4.6 | 5.2 |
| Alhamisi | 5.6 | 4.9 |
| Ijumaa | 5.1 | 5.4 |
| Jumamosi | 5.9 | 6.0 |
| Jumapili | 5.8 | 6.2 |

B ameshinda siku sita kati ya saba. Macho yanasema kesi imekwisha. Lakini rusha sarafu mara saba: uwezekano wa upande mmoja, wowote ule, kutoka mara sita au zaidi ni asilimia 12.5, yaani mara moja katika kila majaribio manane. Hiyo ni mara nyingi mno. Ingekuwa saba kwa saba, uwezekano ungeshuka hadi asilimia 1.6, na hapo ungekuwa na haki ya kusema B ni bora. Angalia pia ukubwa wa tofauti: wastani wa A ni 5.27 na wa B ni 5.47, tofauti ya 0.2, ilhali Alhamisi peke yake imeyumba kwa 0.7 upande wa pili. Tofauti ya wastani ikiwa ndogo kuliko myumbo wa siku moja, jaribio halijasema kitu.

Hapo una uchaguzi wa aina mbili tu ulio wa haki. Endelea na wiki mbili nyingine nzima, kisha usome jozi zote 14 kwa pamoja. Au kubali kwamba tofauti, kama ipo, ni ndogo, na uende kwenye jambo jingine. Usiongeze siku tatu "ili tuone", kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kabla ya jaribio la kwanza kabisa, fanya zoezi moja lisilohitaji kubadilisha chochote. Chukua siku 14 zilizopita za video yako iliyotulia, siku ambazo kijipicha kilikuwa kimoja. Ziite siku za witiri "A" na za shufwa "B", uzipange katika jozi kama hapo juu. Tofauti utakayoiona ni bahati tupu, maana picha ni ileile. Ukikuta "B" bandia amemzidi "A" bandia kwa 0.4, basi umejua kina cha myumbo wa chaneli yako, na tofauti ya kweli iliyo chini ya hapo hutaiona kwa siku 14. Zoezi hili ni la dakika kumi na linafundisha kuliko maelezo yoyote ya takwimu.

Kuwagawa watazamaji kwa wakati mmoja

Njia ya tatu ndiyo bora kwa muundo wake, kwa sababu A na B vinaonyeshwa siku moja, saa moja, kwa watu waliogawanywa kwa kubahatisha. Siku ya wiki, sikukuu, msambao wa ghafla, vyote vinaigusa A na B sawasawa. YouTube Studio ina kipengele hicho kwenye kompyuta, kilichoanza kwa jina la `Test & Compare`. Kilianza na vijipicha pekee, hadi vitatu kwa video moja, na jaribio huweza kwenda hadi wiki mbili. Weka picha zote kwa kipimo cha 1280 × 720, kwa kuwa moja ikiwa chini ya hapo, YouTube hushusha ubora wa zote. Video fupi za wima haziingii humo.

Kuna mambo mawili ambayo wengi huyasoma vibaya hapa. La kwanza, kipengele hiki hakipimi mibofyo. Kinapima mgawo wa muda wa kutazama. Ni uamuzi mzuri, na hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Kijipicha A kinabofywa kwa asilimia 5, na aliyebofya hukaa wastani wa dakika 4. Kila mara 100 kinapoonyeshwa, kinaleta dakika 20. Kijipicha B kina maneno makali zaidi, kinabofywa kwa asilimia 6.5, lakini waliobofya hawakukuta walichoahidiwa na hukaa dakika 2 na sekunde 50. Mara 100 zinaleta dakika 18.4. Kwa mibofyo B ameshinda mbali. Kwa muda wa kutazama ameshindwa. Anayetumia njia mbili za kwanza anapaswa kufanya kuzidisha huku mwenyewe, asiishie kwenye mibofyo.

La pili, namba unazooneshwa ni migawo ya kitu kimoja. Ukiona A ana 48 na B ana 52, maana yake B analeta takribani asilimia 8 zaidi ya muda kuliko A, si asilimia 4. Na 50.6 dhidi ya 49.4 ni sare iliyovaa nguo za ushindi. Mfumo ukisema hakuna mshindi, mwamini. Hilo ndilo tokeo la kawaida pale vijipicha viwili vinapotofautiana kwa rangi ya mandhari au ukubwa wa herufi.

Ukiweka vijipicha vitatu badala ya viwili, unajiongezea nafasi za kudanganywa, kwa kuwa sasa kuna jozi tatu za kulinganisha. Kwa kipimo kile ambacho kwa jozi moja hukosea mara 5 kati ya 100, jozi tatu hukosea zaidi ya mara 10. Pia kila kijipicha kinapata theluthi ya watazamaji badala ya nusu. Ushauri wetu ni viwili, vinavyotofautiana kwa wazo zima: uso uliojaa fremu dhidi ya kifaa bila mtu, kwa mfano.

Ipi inakufaa: hesabu maonyesho yako kwanza

Uchaguzi hauanzii kwenye njia. Unaanzia kwenye swali la video yako huonyeshwa mara ngapi kwa wiki mbili. Idadi inayohitajika kwa kila kijipicha hukadiriwa hivi, ambapo p ni kiwango cha katikati ya viwango viwili na d ni tofauti unayotaka kuikamata, vyote vikiandikwa kwa desimali kama 0.05:

```
n = 16 × p × (1 − p) / d²
```

Kadirio hili linakupa nafasi nne kati ya tano za kuiona tofauti kama kweli ipo. Kwa video yenye asilimia 5, kukamata mpando wa hadi 7 kunahitaji maonyesho kama 2,300 kwa kila kijipicha. Mpando wa hadi 6 unahitaji kama 8,300. Mpando wa hadi 5.5 unahitaji kama 32,000. Tofauti ikipungua kwa nusu, mahitaji yanakuwa karibu mara nne, na hapo ndipo chaneli ndogo zinapopoteza miezi zikijaribu kuchagua kati ya njano na chungwa.

Kama video inaonyeshwa zaidi ya mara 20,000 kwa wiki mbili, tumia kugawa watazamaji, bila kusita. Ikiwa kati ya 5,000 na 20,000, gawa watazamaji kama kipengele unacho, ila jaribu mawazo yaliyo mbali sana tu. Kama huna, au unachojaribu ni kichwa na akaunti yako haina sehemu ya vichwa, pokezana kwa siku 14. Chini ya 5,000, video moja haitakujibu kwa njia yoyote, isipokuwa tofauti iwe kubwa mno.

Kwa hali hiyo ya mwisho iko njia ya kuunganisha. Chukua wazo moja, tuseme kichwa kinachoanza na tatizo la mtazamaji dhidi ya kichwa kinachoanza na jina la kifaa. Lijaribu kwa kupokezana kwenye video nane za zamani zilizotulia, kisha uhesabu ni ngapi zimeelekea upande mmoja. Nane kwa nane hutokea kwa bahati chini ya mara 1 kati ya 100. Saba kwa nane ni mara 7 kati ya 100, dokezo zuri lakini si hukumu. Hapo hujui video ipi hasa imefaidika, unajua wazo lina mwelekeo, na hilo ndilo unaloweza kulibeba kwenye video ijayo. Video nane hizo zichague kabla ya kuona tokeo lolote; ukizichagua baada ya kuona, umeshajichagulia jibu.

Kuchungulia

Kosa hili hugusa njia zote tatu, hata ile iliyo bora. Unaanza jaribio la siku 14, siku ya tatu unafungua takwimu, B yuko mbele, unasubiri. Siku ya tano tofauti inavuka kizingiti cha ile fomula ya mwanzo, unasimamisha na kutangaza mshindi. Fomula ile hukosea mara 5 kati ya 100 ukiisoma mara moja, mwishoni. Ukiisoma kila siku kwa siku 14 na kusimama mara tu inapovuka, utatangaza mshindi wa uongo takribani mara moja kati ya tano, hata kama picha zote mbili ni sawa kabisa. Mistari miwili inayoyumba kwa bahati hupishana na kuachana njiani. Ukikubali kusimama popote inapoachana sana, utapata pa kusimama.

Tiba yake ni karatasi. Kabla ya kuanza andika mistari minne: unachobadilisha, chanzo cha watazamaji utakachokisoma, tarehe ya mwisho, na tofauti itakayokufanya uchukue hatua. Mstari wa nne usiuruke. Bila huo, mibofyo 100 dhidi ya 120 itakushawishi tena. Sababu pekee ya halali ya kusimama mapema ni uharibifu ulio wazi, kwa mfano kijipicha chenye kosa la tahajia au maonyesho yaliyokatika ghafla kwa pande zote. Ukisimama kwa sababu hiyo, matokeo hayo yanatupwa, hayahesabiwi nusu.